Riba Ikishuka Nairobi, Kibuye Husikia Lini?

(Maneno niliyosema mbele ya wanafunzi wa somo la uchumi na mafundi wa fanicha wa Kibuye, Kisumu, Januari 2026. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, na nyinyi mafundi mliofunga karakana mchana huu mkaja kukaa nasi, hamjambo. Karibuni sana. Wanafunzi wana mtihani juu ya nyenzo za Benki Kuu, na mafundi wana mikopo. Mimi nimekaa pande zote mbili: leo nafundisha, lakini kwa miaka mingi nilikuwa afisa mikopo katika benki moja hapa mjini. Kwa hiyo sitawasomea orodha ya nyenzo. Nitafuata njia moja tu: kutoka chumba ambamo Kamati ya Sera ya Fedha hukaa Nairobi, hadi kwenye meza ya mtu anayeomba mkopo wa kununua mbao Kibuye. Nataka tuone riba inayopangwa huko juu inamfikiaje mkopaji huku chini, na inakwama wapi.

Nianze na kutoelewana ambako nimekusikia mara nyingi. Benki Kuu ina tawi lake hapa Kisumu, na watu wakiona magari ya pesa yakiingia na kutoka hudhani kwamba sera ya fedha ni hiyo: kuchapisha noti, kuzipunguza, kuziongeza. Noti ni sehemu ndogo. Pesa inayohusika na sera imo kwenye daftari. Kila benki ina akaunti yake ndani ya Benki Kuu, kama mimi na wewe tulivyo na akaunti kwenye benki zetu. Benki zinapolipana, zinalipana kupitia akaunti hizo. Benki Kuu inachofanya ni kuifanya pesa iliyomo humo iwe nyingi au chache, ghali au rahisi. Haimkopeshi fundi wala haijui jina lake. Inagusa akaunti za benki, kisha inangoja.

Nyenzo ya kwanza ni ile mnayoisikia redioni kila baada ya miezi miwili: Riba ya Benki Kuu, ambayo wengi wanaiita CBR. Imekuwapo tangu 2006. Februari 2024 iliwekwa asilimia 13, kwa sababu shilingi ilikuwa imeanguka hadi takriban 160 kwa dola moja na mfumuko wa bei wa Januari ulikuwa asilimia 6.9, karibu na ukingo wa juu wa lengo la serikali, ambalo ni asilimia 5, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5. Agosti mwaka huohuo Kamati ikaanza kuiteremsha, kikao baada ya kikao, na Desemba 2025 ikafika asilimia 9. Hizo ni pointi nne nzima zilizoshuka.

Sasa muulizeni mtu wa Kibuye kama mkopo wake ulishuka kwa pointi nne. Atawaambia haukushuka hivyo. Na atakuwa anasema kweli, maana wastani wa riba za mikopo ya benki nchini ulikuwa kama asilimia 17.2 Novemba 2024, na mwisho wa 2025 ulikuwa karibu na 15. Pointi nne juu, pointi mbili na kidogo chini. Hizo nyingine ziko wapi? Hilo ndilo swali langu la leo.

CBR yenyewe ni tangazo tu. Ili liwe na nguvu, Benki Kuu inafanya kazi ya kila siku kwenye soko la mikopo kati ya benki, ambako benki iliyopungukiwa jioni inakopa kwa yenye ziada, mara nyingi kwa usiku mmoja. Pesa zikizidi humo, Benki Kuu inauzia benki dhamana za serikali kwa ahadi ya kuzinunua tena baada ya siku chache, na hivyo inazivuta pesa kwake. Zikipungua, inafanya kinyume chake. Lengo ni kuiweka riba ya usiku mmoja karibu na CBR. Tangu Juni 2025 inatakiwa isivuke pointi 0.75 juu au chini ya CBR; kabla ya hapo ukingo ulikuwa mpana zaidi. Hatua hii inafanya kazi vizuri. Ukitaka kuhakikisha, fungua taarifa ya kila wiki ya Benki Kuu kwenye tovuti yake, tazama riba ya soko la benki kwa benki, uilinganishe na CBR. Utaona zinatembea pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja.

Kwa hiyo hapa mwanzoni hakuna kilichokwama.

Nyenzo ya pili nitaipita haraka, lakini kuna kosa ndani yake ambalo wanafunzi hulirudia kila mwaka. Ni akiba ya lazima: sehemu ya amana za wateja ambayo kila benki inatakiwa kuiacha Benki Kuu, bila kulipwa riba. Machi 2020, wakati wa korona, ilipunguzwa kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25. Februari 2025 ikapunguzwa tena hadi 3.25. Chukueni benki yenye amana za shilingi bilioni 10. Kwa 4.25 inafungiwa milioni 425. Kwa 3.25 inafungiwa milioni 325. Milioni 100 zimefunguliwa, na zilikuwa hazizalishi chochote.

Kosa linakuja hapa. Mwanafunzi anachukua 1, anaigawa kwa 0.0325, anapata karibu 31, kisha anaandika kwamba milioni 100 hizo zitazaa mikopo ya bilioni 3.1. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kanuni hiyo inadhani kwamba kila shilingi inayofunguliwa itakopeshwa, na kila inayokopeshwa itarudi benki ikopeshwe tena. Nilipokuwa afisa mikopo sikumbuki hata siku moja nilipomkatalia mtu kwa sababu benki haikuwa na pesa. Niliwakatalia watu kwa sababu nyingine kabisa. Milioni 100 zikifunguliwa, benki inajiuliza zipelekwe wapi, na mkopo wa biashara ni jibu moja tu kati ya kadhaa.

Hapo ndipo njia yetu inapopinda.

Niwape kisa kimoja kwa ukaribu. Mapema 2024 alikuja mezani kwangu mama mmoja anayetengeneza vitanda vya deka vya shule za bweni. Alikuwa na karakana yenye mafundi wanne, na daftari lake la mauzo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu, safi, tarehe kwa tarehe. Kurasa za mwezi wa tatu zilikuwa na madoa ya vanishi. Alitaka shilingi milioni 1 kwa miezi 36: mashine ya kuranda mbao, na saipresi ya kumtosha kwa maagizo ya shule mbili. Nililisoma daftari lote. Nilimwamini, na bado ninamwamini.

Riba ambayo benki ilikuwa ikimpa mtu wa aina yake ilikuwa imepanda hadi kama asilimia 19. Tuhesabu pamoja. Milioni 1, miezi 36, riba ikipigwa kwa deni linalobaki: kwa asilimia 15, malipo ya mwezi ni kama shilingi 34,665. Kwa asilimia 19 ni kama 36,656. Tofauti ni shilingi 1,991 kwa mwezi. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni bei ya mbao chache tu, mwalimu. Nipe." Wakati huo sikuwa mwalimu, lakini aliniita hivyo kwa sababu nilimhesabia kwa karatasi.

Nataka wanafunzi washike jambo hilo. Vitabu vinatuambia kwamba riba ikipanda mfanyabiashara huacha kukopa kwa sababu mkopo umekuwa ghali. Kwa kampuni kubwa inayojenga kiwanda kwa mkopo wa miaka kumi, ni kweli. Kwa biashara ndogo yenye faida nzuri kwa kila kitanda, shilingi elfu mbili kwa mwezi hazimzuii. Alikuwa tayari kulipa.

Ombi lake lilikataliwa. Si mimi niliyelikataa. Mimi nililipeleka juu likiwa na mapendekezo mazuri, likarudi na mstari mmoja. Liliniuma, na ilinichukua muda kuelewa kwamba aliyelikataa hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Ilikuwa hesabu.

Hesabu hiyo ni hii, na nitatumia makadirio ya darasani ili iwe rahisi kufuata. Benki ikikopesha shilingi 100 kwa riba ya 19, mwaka unaingiza 19. Toa 3 za kazi: mtu wa kutembelea karakana, mthamini wa dhamana, wakili, kufuatilia malipo. Mkopo mdogo unadai kazi karibu sawa na mkubwa, ndiyo maana gharama hiyo inakula zaidi. Kisha tuseme kati ya wakopaji 100 wa aina hiyo, watano watashindwa kulipa katika mwaka, na benki itaokoa nusu ya deni lao. Toa 2.5. Kinachobaki ni 13.5.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikikopa. Hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa asilimia 16 na zaidi. Februari 2024 serikali ikatoa hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, yenye riba ya takriban asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Ilikuwa inatafuta bilioni 70. Wawekezaji wakajitokeza na zaidi ya bilioni 280, na serikali ikachukua karibu 241.

Wekeni mizani. Upande mmoja 13.5, pamoja na usumbufu wote wa kumfuata mtu Kibuye. Upande wa pili 16, au 18.46 isiyo na kodi, bila mthamini wala wakili. Tena kuna jambo ambalo wateja hawalioni: kanuni za mtaji. Benki inapokopesha biashara, inatakiwa iweke mtaji wake mwenyewe kando ya mkopo huo; kiwango cha chini cha mtaji wote ni asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari. Inapoikopesha serikali kwa shilingi, uzito wa hatari huhesabiwa sifuri. Kwa hiyo hata kama faida zingelingana, serikali ingeshinda.

Mtu mmoja hapa mbele amenyoosha mkono, nimemwona. Anauliza kwa nini benki isimwongezee tu riba hadi 23 ili ilingane. Swali zuri sana. Ukitangaza 23, ni nani atabaki kwenye foleni? Mwenye daftari safi ataondoka, aende chama au Sacco. Atakayebaki ni yule ambaye hajali riba kwa sababu hana nia au hana uwezo wa kuilipa. Walioshindwa wanakuwa kumi badala ya watano, na hesabu yako inazama tena. Benki zinalijua hili kwa uzoefu. Ndiyo maana zikibanwa, hazipandishi riba bila kikomo; zinasema hapana. Riba unayoiona kwenye bango inapanda kidogo, lakini mlango ndio unaofungwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua sera ya fedha imefika kwa wafanyabiashara au la, usiangalie riba ya wastani peke yake. Riba hiyo ni ya mikopo iliyotolewa, waliokataliwa hawamo. Angalia mikopo kwa sekta binafsi imekua kwa kiasi gani. Mwisho wa 2024 haikukua kabisa, ilipungua. CBR ilikuwa imeshashuka mara tatu kufikia wakati huo. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Ulianza kufunguka lini? Hati za Hazina ziliposhuka. Katika 2025 zile za siku 91 zilifika karibu na asilimia 8. Rudieni hesabu ileile: mkopo wa 15, toa 3, toa 2.5, zinabaki 9.5. Serikali inakupa 8. Sasa fundi wa Kibuye anaishinda serikali kwa pointi moja na nusu, na afisa mikopo anaanza tena kupanda bodaboda kwenda kutembelea karakana. Mikopo ilianza kukua tena ndani ya mwaka huo. Angalieni basi: CBR haikumfikia fundi moja kwa moja. Ilipitia kwanza kwenye bei ya mkopo wa serikali. Na bei hiyo haiamuliwi na Benki Kuu peke yake. Serikali ikiwa na njaa kubwa ya pesa, inaweza kuwa juu hata kama CBR inashuka. Ukiona bajeti ina pengo kubwa na serikali inalijaza kwa kukopa ndani, jua kwamba mshindani wako mezani kwa afisa mikopo ni Hazina.

Bado tuna deni la swali: kwa nini hata waliopata mikopo hawakushushiwa pointi zote nne?

Sababu moja imo kwenye amana. Tuseme Oktoba 2024, CBR ikiwa 12, shirika fulani liliweka pesa benki kwa mwaka mzima kwa riba ya 13. Mkataba ni mkataba. Miezi kumi na miwili CBR inashuka hadi 9.25, na benki bado inalipa 13 kwa amana hiyo. Haiwezi kushusha mikopo haraka kuliko gharama yake inavyoshuka. Hili ni kweli, na ni haki kulisema.

Lakini si kweli yote. Riba zilipokuwa zinapanda, barua za kuongeza malipo ziliwafikia wateja upesi, ingawa amana za zamani zilikuwa bado za bei nafuu. Kupanda ni kwa lifti, kushuka ni kwa ngazi. Benki Kuu yenyewe haikuridhika: Februari 2025, ilipopunguza akiba ya lazima, ilitangaza kwamba inatuma wakaguzi ndani ya benki kuangalia kama riba zinashushwa. Sababu nyingine ni mikopo mibovu. Katikati ya 2025, zaidi ya shilingi 17 kati ya kila 100 zilizokopeshwa zilikuwa kwenye mikopo iliyochelewa siku 90 au zaidi. Anayelipa vizuri anamlipia asiyelipa.

Kuna njia ya mkato ambayo nchi yetu iliijaribu, na kwa kuwa najua kuna watu humu wanaoitamani irudi, nitasimama hapo kidogo. Septemba 2016 sheria ilisema hakuna mkopo wa benki utakaozidi CBR kwa zaidi ya pointi nne. Mwezi huohuo CBR ikawa 10, hivyo kikomo kikawa 14. Siku zile niliona watu wakisherehekea, na nilielewa kwa nini. Riba zilikuwa zimewatesa. Sasa chukueni kalamu zenu. 14, toa 3, toa 2.5, zinabaki 8.5. Hati za Hazina za mwaka mmoja zilikuwa zikilipa zaidi ya 10. Mnajua jibu. Katika 2017 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulishuka chini ya asilimia 3. Mafaili ya wenye maduka na mafundi yalikuwa yakirudi kwangu kama barua zisizo na anwani.

Lakini lililonitia wasiwasi zaidi ni jingine. Chini ya sheria ile, Benki Kuu ikishusha CBR ili kuwasaidia watu wakope, kikomo nacho kilishuka. CBR ikiwa 9, kikomo ni 13, na mkopaji mdogo anazidi kutupwa nje. Usukani uligeuzwa: ukikata kulia gari linakwenda kushoto. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Mimi siitamani irudi, na nasema hivyo nikijua vizuri kwamba benki hazikuwa na huruma kabla yake.

Sasa kuna utaratibu mpya, na huu unawahusu mafundi moja kwa moja. Tangu tarehe 1 Desemba 2025, mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika kwa kawaida inapangwa kwa msingi mmoja: wastani wa riba ya usiku mmoja kati ya benki, uliopewa jina KESONIA. Mikopo ya zamani ya aina hiyo ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 iwe imehamishwa. Riba yako inaandikwa hivi:

```
Riba = KESONIA + K
```

K ni nyongeza ya benki: gharama za kukopesha, faida ya wenye benki, na hatari yako wewe mkopaji. KESONIA ikiwa 9 na K yako ikiwa 6, unalipa 15. KESONIA ikishuka hadi 8, unalipa 14, na benki haina sababu ya kukuambia ungoje. Kumbukeni kwamba riba ya usiku mmoja inatembea na CBR. Kwa hiyo ile ngazi ya kushukia imefupishwa sana. Mkopo wa riba isiyobadilika haumo, wala mkopo wa dola.

Je, K haiwezi kupandishwa kimyakimya? Ndipo jicho lenu linapotakiwa kuwa. Kwa mkopo mpya, linganisha K ya benki moja na ya benki nyingine, si riba ya jumla, kwa sababu KESONIA ni moja kwa wote. Kwa mkopo wa zamani unaohamishwa, tafuta riba uliyokuwa ukilipa, toa KESONIA ya siku hiyo, uone K waliyokupa inatoka wapi. Kama wamekupa K kubwa kuliko mtu wa biashara kama yako, uliza ni sehemu gani imeongezeka.

Nikiri pia mpaka wa haya yote. Wengi wenu Kibuye hamkopi benki. Mnakopa Sacco, ambako riba mara nyingi ni asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalobaki, mwaka nenda mwaka rudi, CBR iwe 13 au 9. Mnakopa kwa simu, ambako mkopo wa wiki chache una ada isiyosikia lolote kutoka kwa Kamati. Mnachukua mbao kwa ahadi ya kulipa kitanda kikiuzwa. Huko kote, usukani wa Benki Kuu haufiki, au unafika umechoka. Mwanafunzi atakayeandika kwenye mtihani kwamba sera ya fedha inagusa mikopo yote ya biashara Kenya kwa usawa, sitampa alama.

Maswali yalikuwa mengi. Nitaandika moja tu, kwa sababu aliyeuliza ni yule mama wa vitanda vya deka. Alikuwa amekaa safu ya tatu, na sikujua angekuja. Alisema sasa benki nyingine imekubali kumpa milioni 1 kwa asilimia 17, riba inayobadilika, na anataka kujua kama angoje hadi mwisho wa mwaka, pengine itakuwa 15.

Tulihesabu ubaoni. Kwa 17, malipo ni kama 35,653 kwa mwezi. Kwa 15 ni 34,665. Akingoja anaokoa shilingi 988 kwa mwezi. Nikamuuliza mashine ya kuranda ingemwongezea vitanda vingapi kwa mwezi. Akasema sita, na kila kimoja kinamwachia kama elfu mbili na mia tano baada ya mbao, vanishi na mafundi. Hiyo ni elfu kumi na tano kila mwezi anaokaa bila mashine. Nikamwambia kwamba kwa kuwa riba yenyewe inabadilika, KESONIA ikishuka mkopo wake utashuka nao hata akichukua leo; hakuna cha kungojea. Kinachobaki kwake hata riba zikishuka ni K. Wakati huo KESONIA ilikuwa karibu na 9, kwa hiyo walikuwa wamempa K ya 8.

"Na nikiwapelekea daftari?" akauliza.

Nikamwambia apeleke, pamoja na taarifa ya malipo ya simu ya mwaka mzima na barua za maagizo ya zile shule, na aombe waihesabu upya sehemu ya hatari kabla hajatia sahihi. Alifungua mkoba, akaliweka lile daftari juu ya meza yangu, kalamu ya bluu ileile, akaanza kunionyesha miaka miwili ambayo sikuwa nimeiona.